Jinsi ya Kuandika Barua ya Kuomba Sehemu za Kunawia Mikono Wodini kwa Kutumia Takwimu za Wodi: Mwongozo Kamili

Kwa miaka kadhaa wauguzi wenzangu wanaosimamia kinga na udhibiti wa maambukizi hapa mkoani Tabora wamekuwa wakinionyesha barua zao baada ya kukataliwa. Karibu zote zina kasoro moja. Zinaeleza kwa uchungu kwamba wodi haina maji, kisha zinamalizia kwa kuomba "uongozi utuangalie kwa jicho la huruma". Barua ya kwanza niliyoandika mimi ilikuwa hivyo hivyo. Ilirudi ikiwa na maneno mawili pembeni kwa kalamu nyekundu: "Bajeti finyu."

Uongozi hauna shida ya kuamini kwamba kunawa mikono ni jambo jema. Unachotaka kujua ni kama pesa itakayotoka itaziba pengo hasa, au kama pengo ni la tabia ambalo sinki jipya halitaligusa. Barua isiyojibu swali hilo haina nguvu, hata ikiwa na kurasa tano.

Nimechagua wodi ya wazazi, upande wa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Hapo kidonda kinaonekana, idadi ya operesheni inajulikana, na mikono ya watoa huduma hugusa mshono kila siku. Takwimu nitakazotumia ni za wodi ya mfano yenye vitanda 24, nimezitunga ili uone hesabu inavyokwenda. Weka za kwako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kushika kalamu

- Rejista ya chumba cha upasuaji, rejista ya MTUHA ya wodi, na faili za wagonjwa.
- Daftari la ufuatiliaji wa vidonda lenye namba ya faili, tarehe ya operesheni, tarehe ya kuruhusiwa, simu ya mama na simu ya ndugu.
- Fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kuangalia unawaji wa mikono. Iongezee safu moja kwa kalamu, nitaeleza hapo chini.
- Mchoro wa wodi uliouchora mwenyewe, unaoonyesha vitanda, sinki, koki na mlango.
- Ndoo yenye alama za lita.
- Salio la simu, na idhini ya mfawidhi wa wodi kulitumia kwa kazi hii.
- Bei za maandishi kutoka kwa wauzaji watatu.

Tenga miezi mitano. Najua ni mirefu, lakini miwili kati yake ni ya kungoja tu.

## Hatua ya 1: Amua unahesabu nini, na usibadilishe katikati

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari maana ya "mshono ulioambukizwa". Mimi natumia hii: ndani ya siku 30 baada ya operesheni, mshono unatoa usaha, au una maumivu, uvimbe, joto au wekundu na daktari ameufungua makusudi, au daktari ameandika kwenye faili kwamba umeambukizwa.

Kijipu kidogo kwenye tundu la uzi peke yake usikihesabu. Mshono unaotoa majimaji meupe yasiyo usaha usiuhesabu kwa jicho tu, mwite daktari auone.

Kwa nini ung'ang'anie maana moja? Kwa sababu muuguzi wa zamu ya asubuhi na yule wa usiku wakihesabu kwa vigezo tofauti, tarakimu itapanda na kushuka kufuatana na zamu, na daktari wa kwanza atakayeisoma barua yako ataligundua hilo.

Utajua umefanikiwa pale watu wawili wakipitia faili kumi zile zile bila kuonyeshana majibu, wakatoka na idadi moja.

## Hatua ya 2: Wafuate akina mama hadi nyumbani

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama aliyefanyiwa upasuaji bila matatizo huruhusiwa baada ya siku chache. Maambukizi mengi ya mshono hujitokeza akiwa tayari yuko nyumbani, Uyui au Sikonge, na huenda atatibiwa zahanati ya kijijini. Daftari la wodi halitamwona kamwe. Ukihesabu waliopatikana wodini tu, utajikuta unaandika kwamba wodi yako ni salama huku unaomba pesa za kuifanya iwe salama.

Fanya mambo mawili. Kwanza, hudhurio la siku ya saba litumike kuangalia mshono kwa macho, siyo kuuliza tu. Pili, piga simu siku ya 14 na siku ya 30. Salimia vizuri, muulize mtoto, kisha uliza maswali manne: mshono umewahi kutoa usaha? Umefunguka? Ulipata homa? Ulipewa dawa ya kidonda mahali popote? Chukua namba ya mama mkwe au ya shangazi pia, kwa sababu simu ya mama mara nyingi iko kwa mume shambani kwenye tumbaku.

Onyo. Ukianza kufuatilia hivi, kiwango chako kitapanda hata kama hakuna kilichobadilika wodini. Angalia wodi yetu ya mfano:

- Aprili hadi Juni: operesheni 88, maambukizi 5, yote yalionekana wodini. Hiyo ni asilimia 5.7.
- Julai hadi Septemba, ufuatiliaji wa simu ulipoanza: operesheni 92, maambukizi 9. Wodini 3, baada ya kuruhusiwa 6. Hiyo ni asilimia 9.8.

Mwandishi mwenye haraka ataandika "maambukizi yamekaribia kuongezeka maradufu". Si kweli. Yale yaliyoonekana wodini yameshuka kutoka 5 hadi 3. Kilichoongezeka ni macho yetu. Zaidi ya hapo, kwa idadi ndogo namna hii, tofauti ya wagonjwa wanne inaweza kutokea kwa bahati tu. Usilinganishe vipindi viwili vilivyohesabiwa kwa njia mbili. Tumia kile kimoja kilichofuatiliwa kikamilifu, na useme wazi kilifuatiliwaje.

Katika mfano huu, kati ya akina mama 92, waliofikiwa hadi siku ya 30 ni 78. Kumi na wanne hawakupatikana. Gawanya kwa 92, siyo kwa 78. Utapata kiwango cha chini, na utaandika "angalau asilimia 9.8, akina mama 14 hawakupatikana". Neno "angalau" lina nguvu kuliko tarakimu kubwa inayoweza kupingwa.

Operesheni ya mwisho ya Septemba inakamilisha siku 30 mwishoni mwa Oktoba. Usifunge hesabu kabla ya hapo.

## Hatua ya 3: Angalia mikono, na uandike kwa nini haikunawiwa

Maambukizi peke yake hayathibitishi kwamba sinki linahitajika. Mshono unaweza kuambukizwa kwa sababu ya uchungu wa muda mrefu, upungufu wa damu, dawa ya kinga kutolewa kwa kuchelewa kabla ya operesheni, au vifaa visivyotakaswa vizuri. Daktari wa upasuaji atakuuliza hivyo kwenye kikao, na atakuwa na haki. Unahitaji tarakimu ya pili.

Fursa za kunawa ni zile tano zinazojulikana: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribia damu na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kaa wodini dakika 20 kwa kila kipindi, asubuhi, mchana na usiku, hadi ufikishe fursa 200 au zaidi. Usiandike jina la mtu, andika kada tu. Ukiandika majina, kipindi cha pili wodi nzima itakuwa inakuigizia.

Ile safu ya ziada ndiyo moyo wa barua yako. Kila fursa iliyopotea, andika herufi moja: H kama hakukuwa na maji, sabuni au kitakasa mikono cha kufikika wakati huo huo, K kama kila kitu kilikuwepo na mhudumu hakunawa. Andika na mahali.

Usimuulize mhudumu sababu. Atakwambia maji hayakuwepo. Fungua koki mwenyewe, tikisa chupa mwenyewe.

Wodi ya mfano ilitoa hivi:

- Fursa zilizoangaliwa: 210
- Mikono ilisafishwa: 84, yaani asilimia 40
- Fursa zilizopotea: 126
- Kati ya hizo, H: 77. K: 49.
- Mgawanyo wa H: chumba cha waliofanyiwa upasuaji 41, chumba cha kufungia vidonda 22, chumba cha kujifungulia 14.

Sasa una kitu cha kusema. Fursa 61 katika kila 100 zilizopotea zilipotea kwa sababu hakukuwa na cha kunawia. Kama zile 77 zote zingetumika, unawaji ungepanda kutoka asilimia 40 hadi 77. Hicho ndicho kilele ambacho pesa inaweza kununua. Zile 49 ni kazi yetu sisi, ya kuelekezana na kusimamiana, na hatuziombei hata senti.

Kuna nyakati herufi K itakuwa nyingi kuliko H. Ikitokea hivyo, usiandike barua hii. Wodi yako ina shida nyingine, na sinki jipya litageuka mahali pa kuoshea vyombo vya chai.

Onyo. Watu wakiangaliwa hunawa zaidi kuliko kawaida. Kwa hiyo ile asilimia 40 inaelekea kuwa juu ya hali halisi. Sema hivyo kwa sentensi moja tu.

## Hatua ya 4: Geuza mchoro wa wodi kuwa orodha ya ombi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau sinki 1 kwa kila vitanda 10. Vitanda 24 vinahitaji sehemu 3. Katika mfano wetu kuna sinki moja linalofanya kazi kwenye chumba cha kujifungulia, moja lililokufa kwenye chumba cha vidonda, na hakuna lolote kwa waliofanyiwa upasuaji. Lakini usisimame kwenye uwiano. Fuata zile H: palipopotea fursa 41 ndipo pa kuanzia.

Kisha pima maji. Nawa kwa utaratibu kamili wa sekunde 40 hadi 60 huku maji yote yakiingia kwenye ndoo, ufunge koki wakati wa kusugua. Rudia mara kumi, chukua wastani. Tuseme ni lita 1. Zile fursa 210 za Hatua ya 3 zilikusanywa katika vipindi 21 vya dakika 20, yaani saa 7, na fursa 210 katika saa 7 ni 30 kwa saa. Mchana wa saa 12 ni 360. Usiku tukihesabu nusu yake, ni 180. Jumla lita 540 kwa siku, kama kila mtu angetumia maji kila mara. Simtanki la lita 2,000 lingeibeba wodi siku tatu na nusu maji ya bomba yakikatika, jambo ambalo kila anayeishi Tabora wakati wa kiangazi analifahamu.

Lita 2,000 ni tani mbili. Simtanki halikai juu ya matofali yaliyopangwa tu. Fundi ajenge kitako cha zege na mawe, kipite kimo cha koki za ndani ili maji yashuke yenyewe.

Yanayosahaulika karibu kila mara ni haya:

- Maji machafu yanaenda wapi. Sehemu ya kunawia isiyo na bomba la kutolea hadi shimoni itakuwa dimbwi ndani ya wiki moja, na mhudumu wa usafi ataifunga kwa haki kabisa.
- Koki. Omba ya kusukuma kwa kiwiko au ya kukanyaga kwa mguu. Koki ya kuzungusha inachafua tena mkono uliokwisha nawiwa.
- Kukaushia. Taulo moja la wodi nzima linarudisha vijidudu mikononi. Omba karatasi, au vitambaa vidogo vya kutumia mara moja na kupelekwa kufuliwa.
- Sabuni ya mwaka mzima. Chupa ya sabuni ya maji isijazwe juu ya iliyobaki; ioshwe na kukaushwa kwanza.

Ndoo ya koki ni nzuri kwa dharura na ni bora kuliko kukosa kabisa. Ila inahitaji mtu wa kuijaza na wa kumwaga beseni, na usiku mtu huyo hayupo. Ukiiomba, andika cheo cha atakayeijaza.

Mtu atauliza kwa nini tusinunue vitakasa mikono pekee. Jibu liwe tayari: kitakasa kinafanya kazi haraka, sekunde 20 hadi 30, na tunakihitaji kando ya kitanda. Lakini mkono wenye damu au uchafu unaoonekana lazima uoshwe kwa maji na sabuni, na wodi ya wazazi haikosi damu.

## Hatua ya 5: Andika barua, isizidi kurasa mbili

Ipitishe kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali, kisha iende kwa mganga mfawidhi. Nakala kwa katibu wa afya, kwa sababu yeye ndiye anayejua fungu gani lina nafasi. Mwone kabla hujaandika, umuulize kwa adabu: "Katibu, kitu kama hiki kinaingia kwenye ukarabati au kwenye vifaa?" Jibu lake litaamua jinsi unavyopanga jedwali la gharama.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango hupangwa miezi mingi kabla. Barua ya Novemba inaikuta mipango mezani. Ya Mei inakuta imefungwa.

Huu ni mwili wa barua ya wodi yetu ya mfano:

> YAH: OMBI LA FEDHA ZA SEHEMU ZA KUNAWIA MIKONO, WODI YA WAZAZI
>
> Husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Naomba uidhinishe Sh ________ kwa ajili ya sehemu mbili mpya za kunawia mikono katika chumba cha waliofanyiwa upasuaji, matengenezo ya sinki moja katika chumba cha kufungia vidonda, na simtanki moja la lita 2,000 pamoja na kitako chake. Mchanganuo na bei za wauzaji watatu vimeambatishwa.
>
> Kati ya akina mama 92 waliojifungua kwa upasuaji Julai hadi Septemba, angalau 9 (asilimia 9.8) walipata maambukizi ya mshono ndani ya siku 30. Sita kati yao waligundulika baada ya kuruhusiwa. Akina mama 14 hawakupatikana kwa simu.
>
> Katika kipindi hicho tuliangalia fursa 210 za kunawa mikono. Mikono ilisafishwa mara 84 (asilimia 40). Kati ya fursa 126 zilizopotea, 77 zilipotea kwa sababu maji, sabuni au kitakasa mikono havikuwepo. 41 kati ya hizo zilitokea katika chumba cha waliofanyiwa upasuaji, ambacho hakina sehemu ya kunawia. Fursa 49 zilizobaki zitashughulikiwa kwa maelekezo na usimamizi wa kila wiki, bila gharama kwa hospitali.
>
> Maambukizi ya mshono yana vyanzo vingi, na ombi hili haliahidi kuyamaliza. Linaondoa kikwazo kimoja tulichokipima. Pia takwimu hizi ni za miezi ya kiangazi, ambapo maji hukatika zaidi.
>
> Miezi mitatu baada ya ujenzi kukamilika tutarudia vipimo hivi hivi, na nitawasilisha taarifa yake. Iwapo fedha zote hazitapatikana kwa sasa, naomba tuanze na sehemu mbili za chumba cha waliofanyiwa upasuaji.

Angalia mpangilio. Kiasi cha pesa kiko kwenye aya ya kwanza, kwa sababu msomaji mwenye mafaili ishirini anataka kujua unataka nini kabla ya kujua kwa nini. Takwimu ziko chache, nne au tano za kukumbukwa. Na aya ya mwisho inampa mganga mfawidhi nafasi ya kusema "nusu" badala ya "hapana".

Usiweke jina wala namba ya faili ya mgonjwa, hata kwenye viambatisho. Picha ya mshono wa mtu pia usiweke. Picha ya sinki kavu inatosha.

Gharama ya maambukizi unaweza kuitaja ikiwa umeitoa kwenye faili zako: siku za ziada za kitanda na dawa walizotumia wale 9. Usichukue tarakimu ya nchi nyingine uizidishe kwa 9.

## Hatua ya 6: Ipeleke kwa mkono na usimame nayo

Hakikisha imepigwa mhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Omba dakika kumi kwenye kikao cha uendeshaji wa hospitali. Nenda na mchoro wa wodi kwenye karatasi kubwa, uliotiwa nukta nyekundu kila palipopotea fursa kwa H. Mama mmoja tuliyefanya naye kazi, mfawidhi wa wodi, aliubandika ukutani bila maneno mengi. Mhasibu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kusogea karibu.

Ukiulizwa swali usilo na jibu lake, sema utalileta siku fulani, na ulilete siku hiyo.

Wiki mbili zikipita kimya, mwone katibu wa afya ana kwa ana. Usiandike barua ya pili ya malalamiko, muulize tu faili liko meza gani.

## Hatua ya 7: Pima tena

Miezi mitatu baada ya koki kufunguliwa, rudia Hatua ya 2 na ya 3 kwa fomu zile zile, maana zile zile na simu zile zile. Usitazamie maambukizi yaonyeshe badiliko dhahiri kwa operesheni tisini. Huenda yakatoka 9 hadi 7, na hilo halithibitishi kitu.

Kinachopaswa kubadilika ni zile H. Zikishuka kutoka 77 na kukaribia sifuri, pesa imefanya kazi yake. Zisiposhuka, tembea wodini ukiwa na mchoro. Mara nyingi utakuta sabuni imefungiwa stoo na ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa zamu ya mchana.